UZI: Karatasi inasema 36%, stoo inasema 51%. Wali nyama wangu unanila wapi?

Mama_Mwanjelwa
Wakuu, habari za jioni. Nina mgahawa hapa Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, mwaka wa tatu sasa. Wateja wapo, nashukuru Mungu, lakini pesa siioni. Mwezi uliopita nikaamua kukaa chini na kalamu.

Sahani yangu kubwa ni wali na rosti ya nyama, nauza 5,500. Nilipiga hesabu hivi: nyama mchanganyiko kilo 10,000, sahani naipa gramu 120, kwa hiyo 1,200. Mchele kilo 2,800, gramu 150, ni 420. Kabichi 80. Nyanya, vitunguu, karoti, hoho na mafuta ya rosti 300. Jumla 2,000. Nikigawa kwa 5,500 napata 36%, na niliambiwa ukiwa chini ya 40 uko salama.

Halafu nikafanya hesabu ya pili ya mwezi mzima. Stoo ilianza na mali ya 640,000, nikanunua vyakula vya 9,380,000, mwisho wa mwezi zikabaki za 520,000. Maana yake tulitumia 9,500,000. Mauzo yalikuwa 18,600,000. Hiyo ni 51%. Nimerudia mara tatu, jibu ni lilelile.

Kati ya 36 na 51 kuna mamilioni yamepotea. Naomba mnisaidie nijue yalipo. Mkaa, gesi, mishahara na kodi sijaviweka, hiyo ni chakula tu.

Bucha_Uyole
Dada, usianze kuwatuhumu watu wa bucha. Mizani yangu ina stika ya Wakala wa Vipimo na kila mwaka wanakuja kukagua. Kilo kumi ni kilo kumi.

Mama_Mwanjelwa
Kaka yangu, sijamtuhumu mtu. Nyama naipima tena nikifika jikoni, zinatimia. Tatizo langu liko baada ya hapo.

Kijana_wa_Sae
Mkuu, hujaweka mifupa na mafuta. Sisi jikoni tulipo tunaongeza 30% juu ya bei ya nyama kufidia yanayotupwa. Kwa hiyo kilo yako iandike 13,000, mambo yatakaa sawa.

Mzee_wa_Sufuria
Kijana amepatia mlango lakini kaingilia dirishani. Nitalieleza, ila kwanza dada naomba vipimo, maana bila mizani hapa tutabahatisha wote.

Kesho asubuhi nyama ikifika, kabla mtu hajaishikia kisu, ipime. Ikishasafishwa, pima mafungu matatu mbalimbali: mifupa, kisha mafuta na mishipa na ile ngozi nyeupe ngumu, kisha nyama safi iliyokatwa tayari kwenda sufuriani. Andika yote. Ikiiva, itoe kwenye mchuzi, iache ichuruzike dakika chache, pima tena. Halafu, na hili ndilo la maana kuliko yote, mwambie anayepakua ahesabu ametoa sahani ngapi mpaka sufuria inaisha. Usimwambie apunguze wala aongeze. Apakue kama siku zote.

Kabichi nayo pima moja, kabla na baada ya kutoa majani ya nje na kile kigogo cha katikati.

Nimepika hotelini miaka ishirini na sita, Iringa na huko Mbeya. Sijawahi kuona jiko ambalo gramu za kwenye karatasi ni gramu za kwenye sahani mpaka mtu apime.

Mama_Mwanjelwa
Shikamoo mzee. Nimefanya leo, nilisimama mwenyewe na daftari.

Nyama kilo 10 kamili, nimelipa 100,000. Mifupa kilo 2.1. Mafuta, mishipa na ngozi kilo 0.9. Nyama safi kilo 6.8. Ukijumlisha ni 9.8, zile gramu 200 sijui zimeenda wapi. Baada ya kuiva nyama ilikuwa kilo 4.6 tu, nilishtuka. Sahani zilizotoka ni 47.

Kabichi ilikuwa kilo 2.4, baada ya kusafisha 1.87.

Mzee_wa_Sufuria
Marahaba mwanangu. Kazi nzuri sana, hapa pana kila kitu.

Zile gramu 200 usizitafute. Nyama ya asubuhi bado ina majimaji, yanachuruzika kwenye beseni na kwenye ubao, na vipande vidogo vinabaki kwenye kisu. Zingekuwa nusu kilo ningeuliza.

Tuanze na kisu. Ulilipa 100,000 ukapata kilo 6.8 zinazoweza kuliwa kwenye rosti. Kwa hiyo kilo ya nyama yako haikuwa 10,000 hata siku moja. Ni 100,000 kugawa kwa 6.8, yaani 14,706. Hapo ndipo ninapotofautiana na Kijana. Kilichotoka ni 32%, na mtu anaona ni sawa kuongeza 32 juu ya elfu kumi apate 13,200. Lakini ile 32 ni sehemu ya kilo ulizonunua, na wewe unatafuta bei ya kilo zilizobaki, ambazo ni chache. Kwa hiyo hutaongeza, utagawa. Tofauti ni 1,506 kwa kila kilo safi, na kwa kilo 6.8 ni zaidi ya elfu kumi kwa sufuria moja. Kila siku.

Kwenye kitu kinachotoa takataka kidogo kama kitunguu, kuongeza au kugawa majibu yanakaribiana na huwezi kuona kosa. Kwenye nyama yenye mifupa na kwenye mboga za majani ndipo linapouma.

Mifupa unaifanyia nini?

Mama_Mwanjelwa
Ya supu mzee. Tunachemsha usiku, asubuhi tunauza supu na chapati.

Mzee_wa_Sufuria
Vizuri. Basi rosti isibebeshwe mzigo wa mifupa inayoingiza pesa kwingine. Ungeinunua bucha hapo kwenu kwa bei gani?

Mama_Mwanjelwa
3,000 kilo.

Mzee_wa_Sufuria
Kilo 2.1 ni 6,300. Ondoa kwenye laki yako, inabaki 93,700, gawa kwa 6.8, kilo safi inakuwa 13,779. Na hiyo 6,300 uiandike kwenye gharama ya supu, isiyeyuke hewani. Kwa anayetumia jedwali la kwenye simu: weka ulicholipa B2, thamani ya mifupa B3, kilo safi B4, halafu

```
=(B2-B3)/B4
```

Sasa gramu zako 120 ni 1,653, siyo 1,200. Lakini bado hatujafika. Kilo 6.8 kwa gramu 120 zilitakiwa zitoe sahani 56. Wewe umetoa 47.

Fundi_Bomba
Sahani tisa hazipo! Dada, mpishi wako anabeba nyama kwenye mfuko. Mimi nilikuwa na baa Vwawa, nilikuja kugundua kila jioni mtu anatoka na kilo moja. Fukuza.

Mama_Mwanjelwa
Kaka, leo nilikuwepo tangu asubuhi mpaka sufuria inaisha, hakuna kilichotoka mlangoni. Nilichokiona ni hiki. Vipande vinakatwa vinne kwa sahani vikiwa vibichi. Vikiiva vinasinyaa, unaona kipande kimekuwa kama kidole gumba. Mpakuaji anaweka vinne, anaitazama sahani, anaona aibu kumpelekea mtu mzima vile, anaongeza cha tano. Si kila sahani, lakini nyingi. Kwa mteja tuliyemzoea anaongeza bila kufikiri. Nilimtazama bila kusema kitu. Ni binti mwema, hajui kama anatoa pesa.

Mzee_wa_Sufuria
Umeona mwenyewe, na umeona vizuri. Nyama ilitoka kilo 6.8 ikawa 4.6, imepoteza karibu theluthi kwa maji na mafuta. Hiyo ni kawaida kwa nyama ya kuchemsha muda mrefu, na ukiichemsha kwa moto mkali inazidi. Ukigawa 4.6 kwa sahani 56 unapata gramu 82 za nyama iliyoiva. Kwa 47 ni gramu 98. Binti hakukosea macho, kwa mlo wa 5,500 gramu 82 zinaonekana haba. Karatasi yako ndiyo iliyoahidi kitu ambacho jiko haliwezi kukitoa.

Kwa hiyo nyama ya sahani moja ni 93,700 kugawa kwa 47, ambayo ni 1,994. Wewe uliandika 1,200.

Kabichi: 1.87 kwa 2.4 ni 78%. Kwa hiyo 80 yako inakuwa 103. Viungo vya rosti nakukadiria 340 badala ya 300, kwa sababu karoti na hoho zinatupa kidogo, utapima ukipata nafasi. Mchele uache, ukishapepeta haupotezi cha kuongelea. Jumla 1,994 na 420 na 103 na 340 ni 2,857. Kwa 5,500 hiyo ni 52%.

Ila usishangilie kuona 52 imekutana na 51 ya stoo. Ile 51 imechanganya chipsi, chai, supu, maharage, kila kitu. Zimekaribiana, lakini inawezekana sahani nyingine inakubeba na nyingine inakuzamisha. Fanya hivihivi kwa zile tano zinazouza sana.

Neema_Makambako
Naomba kuuliza, nimechanganyikiwa. Kusafisha kunabakiza 68%, kupika kunabakiza kama 68% tena. Sasa kwa nini mzee hakugawa mara mbili? Mimi kwangu nimegawa kwa 0.68, nikagawa tena kwa 0.68, kilo ikafika 21,600, nikaogopa nikafunga daftari.

Mzee_wa_Sufuria
Hukukosea, dada Neema, ila inategemea gramu zako unazipima ikiwa katika hali gani. Ukipima nyama safi mbichi, gawa mara moja tu. Ukipima kwenye sahani ikiwa imeiva, gawa mara mbili, na hiyo 21,600 ndiyo bei halali ya kilo iliyoiva. Kosa ni kuchukua bei ya iliyoiva ukaizidisha na gramu za mbichi. Hapo nyama inaonekana ghali kuliko ilivyo, mtu anapandisha bei mpaka wateja wanakimbia.

Na ukihesabu sahani zilizotoka sufuriani kama Mama_Mwanjelwa, usigawe kwa asilimia yoyote. Mifupa, kusinyaa na cha tano cha binti vyote vimo ndani ya zile 47.

Chipsi_Ipogolo
Kamwene wote. Mimi niko Iringa, nyama siuzi, nauza chipsi. Viazi nanunua kilo kama 900. Sahani yangu ni gramu 250, nilipima kwa mizani kabisa. Robo kilo mara 900 ni 225. Nauza 2,000. Hii ya kusafisha hainihusu sana nadhani, maganda ni membamba.

Mzee_wa_Sufuria
Kamwene. Hizo gramu 250 ulipima zikiwa zimeiva au mbichi?

Chipsi_Ipogolo
Zimeiva, kwenye sahani.

Mzee_wa_Sufuria
Basi inakuhusu kuliko wote humu. Kiazi kikiingia mafutani kinatoa maji mengi. Kwa uzoefu wangu kilo moja ya vilivyomenywa inarudi nusu kilo, au zaidi kidogo, kutegemea unavyokausha. Kwa hiyo gramu 250 za sahani zilikuwa gramu 500 zilizomenywa. Maganda nayo, kiazi kikubwa kizuri kinabakiza kama 82%. Gramu 500 kugawa kwa 0.82 ni gramu 610 za kiazi ulichonunua. Kwa 900 ni 549. Uliandika 225. Na mafuta yaliyonyonywa bado.

Jaribu na viazi vidogo vya chini ya gunia uone. Kidogo kina ganda jingi kwa uzito wake, na macho mengi ya kuchomoa. Lumbesa ya bei nafuu yenye viazi vidogo, vilivyokatwa na jembe au vyenye rangi ya kijani, ikishamenywa inaweza kukuzidi bei gunia zuri.

Chipsi_Ipogolo
Nimemenya kilo tano sasa hivi, mchanganyiko. Zimebaki 3.9. Hiyo ni 78. Dah. Na hapo bado sijakaanga.

Kijana_wa_Sae
Mzee nimekubali la kugawa. Ila kwenye mifupa napinga. Kwa nini umtolee 6,300? Nyama amelipa laki, rosti ibebe laki. Supu ikiuzwa ni faida juu. Ukianza kugawagawa, mtu anajidanganya rosti ni nafuu, halafu siku supu haikuuzika, mifupa imetupwa na hesabu haijui.

Mzee_wa_Sufuria
Hoja yako ina uzito. Mimi naitoa kwa sababu supu isiyo na gharama ya mifupa itaonekana ina faida ambayo haina, na utaiuza bei ya chini kupita kiasi. Lakini siku mifupa haikutumika, usiitoe. Na isihesabiwe kwa bei ya supu iliyouzwa, ni kwa bei ya bucha tu.

Kijana_wa_Sae
Mimi bado ningeiacha ndani. Mgahawa mdogo hauna mtu wa kufuatilia mifupa ya kila siku.

Bucha_Uyole
Sasa nimeelewa mada, samahani dada kwa pale juu. Niongeze la upande wetu. Mchanganyiko haufanani kila siku. Ukipewa ya mbavu na shingo mifupa inazidi, ukipewa ya paja inapungua. Ile 68 yako ni ya siku ile. Ukija saa kumi na mbili unachagua, ukija saa tatu unapewa iliyobaki. Kwa nini usichukue steki? Kwangu 12,500.

Mama_Mwanjelwa
Steki nilikuwa naiona ghali. Ngoja nijaribu, nitarudi.

Tukuyu_Ndizi
Mimi sina mgahawa, napika shughuli za misiba na harusi huku Rungwe. Ndizi za kupika zikimenywa, ganda lake usiseme. Nikiambiwa pika ndizi nyama kwa watu mia mbili nilikuwa nanunua kwa mikungu, kila mara zinapungua. Nani ameshapima?

Neema_Makambako
Dada, mimi nilipima mara moja za kwetu, zilibaki kama 60 kwa mia, ila zilikuwa changa sana. Mkungu mwingine utakupa jibu lingine. Menya kilo tano tu nyumbani kabla ya kununua.

Tukuyu_Ndizi
Ndaga fijo. Jumamosi nina harusi, nitapima.

Mama_Mwanjelwa
Nimerudi baada ya wiki moja. Nimepima mchanganyiko siku nne nyingine: 66, 70, 63, 68. Ile ya 63 nilichelewa kufika, ikawa mbavu tupu. Kaka wa bucha alisema kweli.

Steki nimenunua kilo 10 kwa 125,000. Imebaki safi kilo 9.1, kwa hiyo kilo ni 13,736. Mchanganyiko ukiondoa mifupa ni 13,779. Yaani ni sawasawa! Miaka mitatu nalipia mtu kukaa na kisu saa nzima nikiamini naokoa 2,500 kwa kilo. Nikiacha kuuza supu, mchanganyiko ni 14,706 na steki inashinda kabisa. Lakini supu yangu ya asubuhi ina watu wake, madereva wa malori ya Tunduma wanasimama kwa ajili yake. Sijaamua.

Kuhusu sahani: nilikaa na binti, nikamwekea nyama iliyoiva kwenye mizani ndogo ya jikoni ili aone kwa macho yake. Tumekubaliana vipande vikatwe vikubwa, vitatu badala ya vinne, jumla gramu 120 mbichi. Vitatu vikubwa havisinyai kwa macho kama vinne vidogo, na wiki nzima hajaongeza. Jana steki ya kilo 9.1 imetoa sahani 74. Kwa hesabu zilitakiwa 75.

Sasa sahani ni 1,689 ya nyama na 863 ya vingine, jumla 2,552. Kwa 5,500 bado ni 46%. Nikipandisha 6,000 ni 42.5%. Naogopa 6,000.

Mzee_wa_Sufuria
Sahani 74 kati ya 75 ni jiko lililotulia.

Kuhusu bei, usiiangalie asilimia peke yake. Maharage unauza ngapi?

Mama_Mwanjelwa
Wali maharage 2,500. Nimepima, gharama ni 700. 28%.

Mzee_wa_Sufuria
Asilimia nzuri sana, na inakuachia 1,800. Wali nyama kwa 5,500 una asilimia mbaya lakini unakuachia 2,948. Mkaa, maji na anayeosha vyombo hulipwa kwa shilingi zilizobaki mezani. Kwa hiyo mteja akihama kutoka nyama kwenda maharage kwa sababu ya ile 500 uliyopandisha, asilimia ya mgahawa itapendeza na mfuko utapungua. Ningekuwa wewe ningekaa 5,500 mwezi mmoja na sahani hii mpya, nifunge hesabu ya stoo tena, nione ile 51 imeshuka mpaka wapi.

Kijana_wa_Sae
Mimi ningepandisha leo. Jirani zake wengi wanauza 6,000 tayari.

Mama_Mwanjelwa
Nitafunga stoo tarehe 30, nitaleta namba hapahapa. Wakati huo huo kesho ni zamu ya kuku, nina mashaka na yale mapaja.